Pensheni ya ahadi na pensheni ya akaunti: nani anafaidi, nani anapoteza

Chukua karani wa serikali kuu, mwenye meza yake jengo la Uhuru na Kazi hapa Mombasa. Amefanya kazi miaka 30 na mshahara wake wa msingi wa mwisho ni shilingi 40,000. Kwa mpango wa zamani, serikali huchukua miezi aliyotumikia, 360, ikaigawanya kwa 480, kisha ikazidisha kwa mshahara huo wa mwisho. Anapata shilingi 30,000 kila mwezi hadi kufa kwake. Hiyo ndiyo pensheni ya ahadi: kiasi kinajulikana mapema, na pesa hutoka kwenye kodi.

Tangu Januari 2021, wafanyakazi waliokuwa chini ya miaka 45 walihamishwa kwa lazima. Wa miaka 45 na zaidi waliachiwa wachague. Katika mpango mpya kila mtu ana akaunti. Makato yake yalianza na asilimia 2 ya mshahara wa msingi, yakapanda hadi 5, na mwaka wa tatu yakafika 7.5. Serikali huongeza asilimia 15. Kwa mshahara wa 40,000 zinaingia 9,000 kwa mwezi, halafu zinawekezwa. Atakachokuta akistaafu hakuna aliyemwahidi.

Tofauti kubwa iko kwenye cheo cha uzeeni. Tuseme karani wetu anapandishwa akiwa na miaka 57, mshahara ukawa 60,000, akastaafu akiwa na 60. Zamani miaka yote 30 ingehesabiwa kwa mshahara mpya, na pensheni ingeruka kutoka 30,000 hadi 45,000 kwa mwezi. Kwenye akaunti, nyongeza hiyo inaleta 4,500 zaidi kwa mwezi kwa miezi 36, yaani 162,000 pamoja na faida yake, basi. Kwa hiyo mpango wa zamani ulimpendelea mkubwa wa ofisi aliyepanda mwishoni, jambo ambalo vyama vya wafanyakazi havipendi sana kulitaja.

Anayefaidi ni yule anayeondoka mapema. Mwalimu kijana wa Likoni akijiuzulu baada ya miaka minane, zamani aliondoka mikono mitupu. Sasa ana pesa zenye jina lake.

Serikali nayo, kwa miaka mingi ya mwanzo, inabeba mizigo miwili: inawalipa wastaafu wa zamani, na papo hapo inatoa ile asilimia 15. Hapo ndipo mwanachama awe macho. Michango ikichelewa kufika kwenye akaunti, hakuna faida inayozaliwa, ingawa karatasi ya mshahara inaonyesha amekatwa. Linganisha karatasi hiyo na taarifa ya akaunti yako mwezi kwa mwezi, na usitazame makato yako tu: tafuta ule mstari wa mchango wa mwajiri, kwa sababu ni mara mbili ya wako.