Numothoraksi: ukingo wa pafu kwenye eksirei na uamuzi wa kutoa hewa

Numothoraksi ni hewa iliyoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, ama kupitia tundu kwenye pafu lenyewe, ama kutoka nje mtu anapochomwa kitu chenye ncha kali. Kwa kawaida pafu limeshikamana na ukuta huo. Hewa ikipenya katikati yao, pafu hunywea kuelekea katikati ya kifua, na hapo ndipo ukingo wake unapoonekana kwenye picha.

Kwenye eksirei ya kifua kisicho na ugonjwa, mishipa ya damu huonekana kama mistari myeupe inayozidi kuwa myembamba hadi karibu na mbavu. Penye numothoraksi utaona vitu viwili kwa pamoja: uzi mweupe mwembamba unaokwenda sambamba na ukuta wa kifua, na nje ya uzi huo weusi usio na mshipa hata mmoja. Kimoja bila kingine hakitoshi. Mkunjo wa ngozi ya mgongo, hasa kwa mzee aliyepigwa picha amelala, nao hutoa ukingo, ila mishipa huendelea kupita ng'ambo yake. Ukingo wa ndani wa mfupa wa bega pia huwadanganya wengi. Ufuate hadi mwisho, utakuta umeungana na mfupa.

Mgonjwa akisimama hewa hupanda juu, kwa hiyo anza kutafuta kileleni, nyuma ya mtulinga, ambako mbavu zinapishana na uzi hufichika kirahisi. Akilala chali, hewa hukaa mbele na chini, na huenda uzi usionekane kabisa.

Sasa ukubwa. Tuseme kijana wa miaka 24, mvuvi wa Msimbati, mrefu na mwembamba, amefika hospitali ya Ligula na maumivu ya ghafla ya kifua upande wa kulia. Picha amepigwa amesimama. Pale mishipa mikubwa inapoingia pafuni, nafasi kati ya uzi na ukuta wa kifua ni sentimita 2. Upana wa nusu hiyo ya kifua ni sentimita 10, na wa pafu ni 8. Ukiangalia haraka utasema pafu limepungua kwa sehemu ya tano tu. Lakini pafu hunywea pande zote, kwa hiyo hesabu ni ya ujazo: 8×8×8 ni 512, na 10×10×10 ni 1000. Karibu nusu ya kifua upande huo imejaa hewa! Nafasi ingekuwa sentimita 1, hewa ingekuwa kama asilimia 27. Pima kwenye filamu yenyewe au kwa rula ya kompyuta ya eksirei. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haina vipimo vya kuaminika.

Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa 2010 uliweka mpaka wa kuamua kutoa hewa kwenye sentimita 2. Kuna na sababu ya kiutendaji: nafasi ikiwa finyu, sindano inaweza kutoboa pafu. Mwongozo wao wa 2023 umetanguliza hali ya mgonjwa, na kipimo sasa kinasaidia zaidi kujua kama kuna nafasi salama ya kuingia. Naona ni sawa. Kijana wetu akiwa anapumua vizuri, anaweza kuangaliwa bila kutobolewa, ila hewa hunyonywa polepole, kama asilimia 2 ya ujazo wa upande huo kwa siku, hivyo ahesabu wiki tatu au zaidi, na awe na namna ya kurudi hospitali haraka. Akihema kwa shida, hewa inavutwa kwa kanula na bomba la sindano. Zikifika lita 2.5 na bado inatoka, tundu halijaziba: acha kuvuta, weka mrija wa kifua wenye chupa ya maji.

Mzee ambaye mapafu yake yameharibiwa na kifua kikuu hana akiba ya pumzi, na hata sentimita 1 inaweza kumlemea. Kwake kuna mtego mwingine: uwazi wa zamani ndani ya pafu hufanana na numothoraksi, ila ukingo wake huwa umebonyea kama bakuli. Ukiweka mrija humo umetoboa pafu.

Mgonjwa ambaye presha inashuka, mishipa ya shingo imevimba na upande mmoja wa kifua hausikiki pumzi, hasubiri picha. Hewa inatolewa hapo hapo.

Na kijana wa Msimbati, kama anazamia pweza au samaki kwa mitungi ya hewa, aambiwe wazi kwamba hata picha ikiwa safi asirudi kuzamia hivyo, isipokuwa awe amefanyiwa upasuaji wa kuzuia hewa isirudi pande zote mbili na daktari bingwa ameruhusu. Hewa iliyobanwa ndani ya kifua chini ya maji hutanuka anapopanda juu.