Vipele vya siku nane baada ya piko: dhana potofu na ukweli

"Shikamoo dokta. Nilikwenda Pemba harusini kwa rafiki yangu, nimerudi Unguja na vipele mikononi, vinawasha mpaka silali. Tulilala wasichana wengi chumba kimoja, nahisi nimeambukizwa upele. Picha hizo. Niambie dawa gani ninunue."

Ujumbe wa namna hii tunaupata katika zahanati ya chuo msimu wa harusi ukipita. Huyu aliyeandika ni mwanafunzi kutoka bara la Kenya anayesoma hapa Unguja. Ameeleza meli, chumba na godoro. Hakutaja kwamba alipakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, kwa kuwa kwake hilo halikuwa na uhusiano wowote na kuwashwa. Nitazifuata dhana zake moja moja, maana ndizo ninazozisikia kwa wengi.

Dhana: Picha yoyote inatosha, dokta ataona mwenyewe.

Picha zake mbili za mwanzo zilipigwa usiku kwa mwanga wa simu, karibu mno, na moja ilipitia kamera ya kung'arisha uso. Nilichoona ni ngozi inayong'aa tu. Nilimwomba apige upya mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu wala urembo. Ya kwanza ioneshe mikono yote miwili kuanzia viwiko, ya pili ipigwe karibu, na nyingine ioneshe viganja na katikati ya vidole. Nilimwomba pia aandike kwa maneno kile ambacho picha haisemi: je, pameinuka ukipapasa, pana joto, panatoa maji?

Maneno hayo yana kazi kubwa kwenye ngozi nyeusi. Wekundu unaotajwa vitabuni, kwetu mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu. Mtu akisema "si pekundu, kwa hiyo si kitu", anaweza kuwa na ngozi iliyovimba vibaya.

Picha mpya zilitosha. Mgongoni mwa mkono wa kulia, vipele vilikuwa vimepangana vikapinda kama shina, vikatoa majani mawili, vikaishia kwenye ua karibu na kidole cha shahada. Vidudu vya upele havichori maua. Nikamuuliza: ulipakwa piko lini?

Dhana: Ingekuwa piko, ingeniwasha siku ile ile.

Alijibu kwamba alipakwa Alhamisi na hakuhisi kitu. Kuwashwa kulianza Ijumaa ya wiki iliyofuata, yaani siku ya nane, wakati rangi yenyewe imeshaanza kufifia. Ndiyo maana akaona piko limeshapita na lawama ikaenda kwenye godoro.

Kumbe hivyo ndivyo aleji hii inavyokwenda. Kwa mtu ambaye mwili wake haujawahi kuikataa rangi hiyo, kinga ya mwili huchukua muda kuitambua na kujiandaa, na vipele vinaweza kuchelewa wiki moja hadi mbili. Aliyekwisha kupata aleji hiyo, akipakwa tena huanza kuwashwa baada ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo tarehe ya kupakwa na tarehe ya kuanza kuwashwa ndiyo mistari miwili ninayoitaka kuliko yote katika ujumbe.

Tarehe hizo zinapima pia dhana ya upele. Anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kuwashwa baada ya wiki mbili hadi sita, kwa hiyo siku nane ni mapema mno. Upele hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kitovuni na sehemu za siri, na mara nyingi wanaoishi nawe nao hujikuna. Kwake sehemu hizo zilikuwa safi, na mwenzake wa chumbani hana kitu. Kuwashwa zaidi usiku pekee hakutoshi kuwa ushahidi, kwani karibu kila ugonjwa wa ngozi huwasha zaidi mtu akishatulia kitandani.

Dhana: Hina ni majani tu, haiwezi kudhuru.

Hina ya majani ni kweli mara chache huleta aleji. Lakini hina hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, na hutaka saa kadhaa kukolea. Ile nyeusi tii inayokolea upesi ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, tena si kwa kuchora ngozi. Rangi nyeusi za kuchorea zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 10, na hukaa juu ya ngozi mpaka zikauke.

Mikono yake ilionesha tofauti hiyo wazi. Wapakaji wetu huzungushia mistari ya piko, kisha hujaza hina nyekundu ndani. Ua lake lilivimba pembezoni tu, palipopita mstari mweusi. Ndani, penye wekundu wa hina, ngozi ilikuwa laini. Bibi harusi naye alipakwa kutoka kibakuli hicho hicho na hakudhurika. Hilo halilisafishi piko: si kila mwili huikataa, na aliyesalimika mara tatu anaweza kuanza kuwashwa mara ya nne.

Dhana: Nikiisugua ikatoka, kuwashwa kutakwisha.

Alikuwa ameshajaribu limau, na rafiki alimshauri atumie dawa ya kufulia nguo nyeupe. Vyote huichubua ngozi iliyokwisha umia. Rangi imeshaingia kwenye ngozi na itatoka na ngozi ya juu inapojibadilisha.

Tulimwita zahanati. Tulimpa krimu ya betamethasoni apake safu nyembamba mara mbili kwa siku kwa siku saba kisha arudi, asiipake usoni. Tukamwambia aweke kitambaa kilicholowa maji baridi dakika kumi kila kunapochacha, na malengelenge asiyapasue. Vidonge vya aleji alivyokuwa akimeza havina nguvu sana kwa aleji hii inayochelewa. Vile vya kuleta usingizi humsaidia mtu kulala, basi. Antibayotiki hakupewa, kwa kuwa hapakuwa na usaha, ukoko wa manjano wala homa.

Picha hazifai kusubiriwa pale uso au macho yanapovimba, pumzi inapobana, au malengelenge yanapoenea mkono mzima. Hapo mtu aende hospitali moja kwa moja.

Dhana: Vikipona, yamekwisha.

Vipele vyake vilitulia, lakini ua limebaki likionekana kwa weusi uliokolea, na alama hiyo inaweza kukaa miezi. Kwa wengine hubaki weupe. Aleji yenyewe kwa kawaida haiondoki. Hatari yake kubwa sasa imo kwenye rangi nyeusi ya nywele: akiipaka, kichwa na macho vinaweza kuvimba ndani ya siku mbili. Tumemwandikia kwenye kadi yake "aleji ya PPD", aioneshe saluni kabla ya kupakwa chochote, na kwa daktari wa meno pia, maana dawa ya ganzi ya benzokaini inaweza kumletea aleji hiyo hiyo. Hina nyekundu aliyojua imetwangwa nyumbani, isiyochanganywa na kitu, tumemruhusu.