Dhana potofu kuhusu kutabiri dagaa wa Kigoma: kabla ya kusifiwa, modeli ishinde kanuni ya jana na ya mwezi

Mwalo wa Kibirizi una swali lisiloisha: wiki ijayo tutapata dagaa kiasi gani? Anayekodi lori la kwenda Tabora analiuliza, mwanikaji analiuliza, na siku hizi vijana wa takwimu wanalijibu kwa modeli. Kuna kanuni mbili rahisi, yaani vigezo, ambazo modeli yoyote inapaswa kushindana nazo kwanza. Kanuni ya jana inachukua kiasi cha mwisho kilichoandikwa na kukirudia kwa siku zote zijazo. Kanuni ya msimu inachukua kiasi cha siku kama hiyo katika mzunguko uliopita. Dhana nyingi potofu zimezizunguka.

Dhana: kurudia namba ya jana ni uvivu, si utabiri.

Kuna mifululizo ambayo mabadiliko yake hayana mwelekeo unaoweza kujulikana kabla, na kwa mifululizo hiyo namba ya mwisho ndiyo utabiri bora uliopo. Mwaka 1983 wachumi Meese na Rogoff walipima modeli za viwango vya kubadilisha fedha kwa data ambazo modeli hizo hazikuwa zimeziona. Kwa vipindi vya hadi mwaka mmoja, zilishindwa kuipita kanuni ya kurudia kiwango cha mwisho. Katika mashindano ya utabiri ya M4 ya mwaka 2018, yenye mifululizo 100,000, mbinu sita zilikuwa za kujifunza kwa mashine peke yake, na ni moja tu kati ya hizo iliyopita kanuni ya jana iliyorekebishwa kwa msimu. Kwa hiyo kanuni hii ni mpinzani halisi, na wataalamu wameshindwa naye.

Dhana: msimu maana yake ni mwaka, basi linganisha na tarehe ileile ya mwaka jana.

Hapa ndipo Kigoma inapowaumbua wengi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Gizani taa huwavuta, lakini mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, mwanga wa taa hupoteza nguvu. Wavuvi hupumzika siku kadhaa, hushona nyavu na kusubiri giza lirudi. Msimu unaotawala daftari la mwalo, basi, ni wa mwezi wa angani, wenye siku 29.53 hivi, siyo mwezi wa kalenda wala mwaka.

Miezi 12 ya angani ni siku 354. Mwaka una 365. Tofauti ni siku 11, kwa hiyo mwezi mpevu wa mwaka huu unaangukia siku 11 hivi kabla ya tarehe yake ya mwaka jana. Ukichukua tarehe ileile ya mwaka jana, unachukua usiku wa giza kutabiri usiku wa mbalamwezi.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni, kwa mabeseni. Leo yameteremshwa mwaloni 44. Siku saba zinazofuata, mwezi ukiwa unapevuka, yanateremshwa 40, 22, 6, kisha 0 kwa siku nne. Kanuni ya jana inasema 44 kila siku. Wastani wa makosa yake, bila kujali kuzidi au kupungua, ni mabeseni 34.3. Tarehe zilezile za mwaka jana zilikuwa 38, 41, 45, 39, 42, 40 na 36. Wastani wa makosa ni 31. Kanuni ya msimu inarudi mwezi mmoja wa angani, yaani siku 30 hivi, ambako kulikuwa na 46, 30, 10, kisha sufuri nne. Wastani wa makosa ni 2.6 tu.

Sasa inakuja modeli ya mtaalamu: 41, 30, 17, 9, 6, 5, 4. Wastani wa makosa yake ni 6.3. Akiripoti kwamba ameishinda kanuni ya jana zaidi ya mara tano, amesema kweli, na hata hivyo kazi yake haina faida, kwa sababu mtu mwenye daftari la mwezi uliopita anamshinda. Gawanya 6.3 kwa 2.6: unapata takriban 2.4. Chochote kinachozidi 1 maana yake kigezo kimeshinda.

Wiki moja haitoshi kutoa hukumu. Rudia zoezi hili ukianzia siku tofauti, moja baada ya nyingine, hadi upite miezi kadhaa ya angani, giza na mbalamwezi zote zikiwemo.

Dhana: kosa likiwa asilimia ndogo, modeli ni nzuri.

Asilimia ya kosa inagawanywa kwa kiasi halisi. Siku za mbalamwezi kiasi halisi ni sufuri, na kugawanya kwa sufuri hakuna jibu. Programu nyingine huziruka siku hizo kimyakimya, na hapo modeli inasifiwa kwa siku rahisi huku zile zinazomtia hasara mwenye lori zikiachwa nje. Pima kwa mabeseni, kisha gawanya kwa kosa la kigezo kwa siku zilezile.

Dhana: mstari wa utabiri umefuata mstari halisi kwenye grafu, basi modeli imeelewa.

Sogeza mstari wa utabiri siku moja nyuma. Ukilala juu ya mstari halisi, modeli imejifunza kurudia jana, kwa gharama kubwa zaidi. Hili hutokea sana modeli inapolishwa kiasi cha jana na kutabiri kesho peke yake. Mwenye lori anahitaji siku saba mbele, kwa hiyo pima siku saba mbele, na kigezo nacho kitumie kile tu kilichojulikana siku saba kabla:

```python
import pandas as pd

d = pd.DataFrame({
    "y": y,
    "jana": y.shift(7),
    "mwezi": y.shift(30),
    "modeli": m,
}).dropna()
for k in ["jana", "mwezi", "modeli"]:
    print(k, (d["y"] - d[k]).abs().mean())
```

Hapa `y` ni kiasi halisi cha kila siku, na `m` ni utabiri wa modeli uliotolewa siku saba kabla. `dropna()` inahakikisha wote watatu wanapimwa kwa siku zilezile.

Kuna mtego mmoja kabla ya kuendesha msimbo huu. Madaftari mengi ya mwaloni hayaandiki siku ambayo hakuna mtumbwi ulioingia ziwani. Ukiyaingiza hivyo, `shift(30)` inarudi mistari 30, si siku 30, na mwezi wote unateleza. Jaza tarehe zote kwanza. Siku ya kutovua ipewe 0, na siku ambayo karani hakuwepo iachwe wazi. Hizo mbili zisichanganywe.

Dhana: kanuni ya msimu haihitaji kufikiriwa.

Ukitaka kushika mwezi wa angani na pia majira ya mwaka, rudi siku 354. Lakini angalia umetua wapi. Uvuvi upande wa Tanzania wa ziwa hili ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sufuri za kipindi hicho hazikuletwa na mbalamwezi, na zikitumika kutabiri siku ambazo ziwa liko wazi, kigezo kinakuwa dhaifu na modeli yoyote itaonekana shujaa. Kwa siku hizo ruka mzunguko huo, rudi siku 709, yaani miezi 24 ya angani, na uandike kwenye ripoti kwamba umefanya hivyo.