Kaanza tena kukojoa kitandani: usimfichie maji

Mwanangu ana miaka sita. Aliacha kukojoa kitandani tangu ana mitatu, mwezi huu kaanza upya. Ni maradhi au ni ukaidi?

Ukaidi uuondoe, mama. Mtoto aliyelala hajui kama anakojoa. Anajua akishalowa, na saa nyingine hajui mpaka umwamshe kwa sala ya alfajiri. Fimbo haimfundishi kitu alichokifanya usingizini. Inamfundisha kuificha shuka chini ya uvungu, na wewe utajua kwa harufu.

Sisi kituoni tunatenganisha watoto wawili. Yupo ambaye hajawahi kukauka tangu kuzaliwa. Huyo mara nyingi anasubiri tu kibofu kikomae. Na yupo aliyekauka miezi sita au zaidi, halafu akarudi kukojoa. Wako ni huyo wa pili, na huyo tunamuuliza kitu kimoja: nini kimebadilika? Mara nyingi ni jambo dogo na linatibika. Lakini mlete apimwe mkojo, usikae nalo nyumbani wiki tano kama wengi wanavyofanya.

Nishamkataza maji tangu alasiri na bado godoro linalowa. Nianze kumkataza tangu adhuhuri?

Hapana. Na hayo ya alasiri mrudishie leo.

Ningepata shilingi mia kwa kila mama aliyeniambia maneno haya ningekuwa nimeshaezeka nyumba. Akili inasema maji yakipungua mkojo utapungua, na unaonekana ni mkato mzuri. Mwilini haiendi hivyo. Mtoto akinyimwa maji mkojo unakuwa mzito, wa njano iliyokolea, na mkojo mzito unakiwasha kibofu kitake kutoa hata kikiwa hakijajaa. Vijidudu vilivyomo havisukumwi nje. Choo kinakauka na kuwa kigumu. Yaani sababu tatu za kukojoa umezichochea kwa mkono wako mwenyewe.

Mtoto wa umri huo anahitaji kama lita moja hadi lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, na zaidi kidogo jua likiwa kali. Mengi ayanywe tangu asubuhi mpaka alasiri. Baada ya chakula cha usiku akisikia kiu apewe maji ya kukata kiu, si jagi zima. Chai ya usiku ndiyo ya kuiacha. Hapo ndipo mipaka inapoishia.

Nimejifungua wiki tatu hizi. Bibi yake anasema ni wivu wa mdogo wake, nisimhangaishe na vipimo. Ni kweli?

Bibi anaweza kuwa kweli kabisa. Mtoto mpya, kuhama nyumba, baba kusafiri, wazazi kuachana, mwalimu mkali chuoni, watoto wanaomtania skuli: yote hayo yanarudisha kukojoa. Hata Ramadhani, mtoto anayejifunza kufunga anakunywa maji na uji usiku mzima halafu watu wanashangaa alfajiri. Kwa wivu dawa ni kumkalisha karibu, kumpa robo saa yake peke yake kila siku bila ya mtoto mchanga mapajani, na kutomwita kikojozi mbele ya wageni. Mara nyingi hupungua ndani ya wiki kadhaa.

Lakini wivu tunausema baada ya kupima mkojo, sio kabla. Na lipo jambo moja nalisema bila ya kuzunguka: mtoto akianza kukojoa pamoja na kuogopa mtu fulani, kukataa kwenda nyumba fulani, au kulia akioshwa sehemu za siri, msimpeleke kwa mganga na msiwaite wazee wayamalize. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, kama kipo.

Hana homa wala hajalalamika. Huo ugonjwa utatoka wapi?

Nikueleze mtoto mmoja niliyemuona hapa Pemba, msichana wa darasa la kwanza. Mama yake alikuja kwa sababu ya godoro tu. Nikamuuliza mama: choo vipi? "Anakwenda mwenyewe, sijui." Nikamgeukia mtoto. Akasema mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa; siku ile ilikuwa Jumanne. Kikoje? "Kama mavi ya mbuzi." Na skuli unakwenda chooni? Akatikisa kichwa. Choo cha skuli hakina mlango, kwa hivyo anabana tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Asubuhi anakula boflo na chai, mchana wali, na maji mama keshayafungia.

Nikamgusa tumbo chini kushoto: gumu, vidonge vidonge. Choo kilichojaa kwenye utumbo wa chini kinakaa nyuma ya kibofu na kukisukuma. Kibofu hakina nafasi ya kujaa, na akikojoa hakimalizi. Mkojo unaobaki ndani unaoza, na hapo vijidudu vinapata makazi. Kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye viraka vya rangi, kikaonesha chembe nyeupe na naitraiti, alama ya vijidudu: mkojo mchafu. Sukari hakuna.

Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili, na la pili lilitokana na la kwanza. Alipata antibiotiki kwa kipimo cha uzito wake, na dawa ya kulainisha choo ya kuendelea nayo wiki kadhaa, si siku mbili. Maji yakarudi. Papai na mchicha vikaongezwa, boflo likapungua. Kila baada ya chakula akae chooni dakika tano hadi kumi, miguu ikanyage kitu imara, maana mtoto anayening'iniza miguu hawezi kusukuma. Mwalimu akaombwa amruhusu kwenda chooni na mwenzake wa kumlindia. Baada ya wiki mbili alikuwa akilowa mara moja moja. Mwezi wa pili akakauka. Dawa ya "kuzuia kukojoa" hakupewa hata tone.

Nitajuaje kama mkojo ni mchafu?

Anakwenda mara kwa mara na kutoa kidogo, analia au anakunja uso akikojoa, tumbo la chini linauma, mkojo una ukungu au harufu kali isiyo ya kawaida, anajilowesha hata mchana. Wengine hawana hata moja ya hizo, ndiyo maana nasema pimeni.

Akiwa na homa, anatetemeka, anatapika au anashika ubavu na mgongo, hiyo si ya kusubiri kesho. Huenda maradhi yameshapanda kwenye figo.

Wasichana wanapata zaidi kwa sababu njia yao ni fupi. Mfundishe kuchamba kuanzia mbele kwenda nyuma. Mkono ukitoka nyuma kuja mbele unaleta vijidudu vya haja kubwa pale pale mlangoni.

Mkojo wenyewe niulete vipi?

Ule wa asubuhi ni bora, kwa sababu umekaa kibofuni saa nne au zaidi na naitraiti imepata muda wa kuonekana. Muoshe kwa maji, aanze kukojoa chooni, halafu ukinge ule wa katikati kwenye kichupa tulichokupa. Ufike kituoni ndani ya saa moja. Tafadhali usiuweke kwenye kichupa cha asali au cha jusi hata ukikisuuza: sukari iliyobaki itasoma kwenye kijiti na tutakutia hofu bure. Nimeshaletewa hata cha achari.

Kwani siwezi kununua tu dawa ya yutiai dukani? Ile ya mwaka jana ilimsaidia.

Unaweza, na ndivyo mnavyofanya, na ndio maana mnarudi. Nusu dozi inanyamazisha dalili na kuacha vijidudu sugu. Tena ukishampa, kipimo chetu kinaweza kutoka safi na hali maradhi yapo. Kwanza mkojo, halafu dawa.

Jirani anasema ni kichocho, maana anaogelea kwenye kijito.

Huenda. Kichocho cha mkojo kipo Unguja na Pemba, na kinapatikana kwenye vijito na madimbwi ya maji baridi yenye konokono, sio baharini. Kinawasha kibofu, na dalili yake kubwa ni damu, hasa mwishoni mwa mkojo. Kwa hiyo taja kijito ukija; mkojo wa kichocho tunautazama kwa darubini, na dawa ipo. Wavulana wengine wanaona kukojoa damu ni kubaleghe na hawasemi nyumbani. Muulize.

Wangu anakunywa maji kupita kiasi, hata usiku anaamka kunywa. Huyu si ndiye wa kumfichia mtungi?

Huyu ndiye wa kuletwa leo. Si kesho, si baada ya kisomo, si akimaliza mtihani. Leo.

Mtoto ambaye kiu imezidi, mkojo umezidi, nguo zinampwaya na anachoka anaweza kuwa na kisukari, na kwa watoto wengi kukojoa kitandani ndiko kunakotangulia kuonekana. Sukari iliyozidi kwenye damu inatoka kwa mkojo na kuyavuta maji pamoja nayo. Yeye hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Ukimfichia mtungi mkojo hautakoma. Ataendelea kutoa maji ya mwilini mwake mwenyewe mpaka akauke.

Nilipokea kijana wa miaka tisa aliyefichiwa maji siku kumi. Nyumbani walishamkuta akinywa kwenye ndoo ya chooni, wakamchapa. Sisimizi walikuwa wakijaa pale alipokojoa, na hakuna aliyejiuliza. Alifika anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanukia kama tunda lililoiva sana. Sukari yake ilikuwa juu mpaka mashine haikuisoma. Gari ya wagonjwa ilimuwahi. Sasa anachoma insulini na anacheza mpira, lakini zilibaki saa chache.

Kipimo ni tone la damu la kidole, dakika moja. Kwa mtoto mwenye dalili hizi, namba ya sukari ikifika 11.1 mmol/L au kupita, anapelekwa hospitali siku ile ile. Njiani akitaka maji, mpe.

Na usiku, mpaka apone, nifanye nini?

Akojoe kabla ya kulala, na mchana kila saa mbili au tatu bila ya kubana. Tandika nailoni chini ya shuka, acha taa ya njia ya chooni, shuka ya akiba iwe karibu. Akilowa badilisha kimya kimya. Kubeba godoro juani ni kazi yako, usimbebeshe yeye kichwani watoto wa jirani wakimuona. Na kwenye daftari andika siku alizolowa na siku alizopata choo. Ukirudi kwangu baada ya wiki mbili, daftari hilo ndilo nitakaloliomba kwanza.