Imeili ndefu ya kiwanda: usijibu "sawa" kabla hujatoa orodha

Mimi kazi yangu ni kufuatilia mizigo ya wafanyabiashara wa hapa Mombasa wanaoagiza China, na watu wengi hudhani nashinda bandarini Kilindini, kumbe muda mwingi niko kwa kompyuta nasoma imeili. Kiwanda kinaandika Kichina, chini yake inakuja tafsiri ya Kiswahili cha kupindapinda, ndefu, aya moja tu kama treni ya mizigo, na mteja akiisoma kwa simu juu juu anaona salamu na "tafadhali elewa" mbili tatu, anajibu "sawa, asante". Sasa hiyo sawa ushakubali nini? Hujui. Na kule kiwandani yule dada wa mauzo anaiweka kwenye faili kama kibali.

Nitawaonyesha kwa imeili moja ya oda ya leso, ya mteja mwenye duka Biashara Street. Ilitumwa Ijumaa tarehe 19 Septemba saa 16:40 ya China. China iko mbele yetu masaa matano, kwa hivo hapa ilikuwa saa tano na dakika arobaini asubuhi, watu washaanza kufunga maduka waende swala ya Ijumaa. Ukishaona hilo shika kichwani, manake saa ya kiwanda inaanza kuhesabu pale imeili ilipotumwa, sio pale wewe ulipoifungua.

Kitu cha kwanza, naikopi imeili yote, tafsiri na Kichina chake, naiweka kwenye dokumenti tupu, alafu nabonyeza Enter kila penye nukta mpaka kila sentensi ikae mstari wake na namba yake. Kazi ya kuchosha lakini ndo inayofichua mambo, sababu kwenye aya ndefu jicho linaruka. Alafu kila mstari nauliza: nani anatakiwa kufanya, afanye nini, lini, na asipofanya inakuwaje. Mstari ambao hauna jibu la hata moja ni salamu, ufute. Ulio na majibu nusu ndo wa hatari, na tafsiri za Kichina zimejaa hiyo nusu, kwa sababu wenzetu wale huacha kumtaja mtendaji kama wanaona anajulikana, na mtafsiri akikosa mtendaji anaandika "itafanywa", "itashughulikiwa", basi inakuwa kazi ya hewa.

Angalia huu mstari: "Salio litashughulikiwa kabla ya kuachilia hati." Mteja alisoma akafikiri wao watashughulikia. Hapana, salio ni letu sisi, tulilipa asilimia 30 mwanzo na 70 iliyobaki inalipwa tukitumiwa kopi ya BL, ile hati ya meli ya kuchukulia mzigo, na hati zenyewe hawaachii mpaka pesa iingie. Bila hati mzigo utafika Mombasa ukae pale yadini unakula storeji. Kwa hivo kwenye orodha yangu mstari ule unaandikwa upya: *sisi tulipe 70%, tukipata kopi ya BL; tusipolipa, hakuna hati.* Ukishaandika hivo hata mtoto anaelewa.

Mwingine: "Kuhusu maandishi ya leso, ikiwa hakuna maoni tofauti ndani ya siku 3, uzalishaji utaendelea kulingana na faili iliyoambatishwa." Hapa hamna tafadhali wala swali, inasomeka kama taarifa. Lakini huu ndo mstari mzito kuliko yote kwenye imeili nzima, sababu unafanya kimya chako kiwe jibu. Na siku 3 ni zipi? Rudi kwa Kichina. Kimeandikwa 3天内, yaani siku za kawaida, ingekuwa 工作日 ndo siku za kazi. Kwa hivo Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, na Jumatatu tarehe 22 mashine inaweza kuwashwa. Tukafungua faili. Jina la leso lilikuwa MWENDA POLE HAJIKWAI, kwenye mchoro wao ni MWENDA POLE HAJIKWA, herufi ya mwisho imeliwa, na pale kiwandani nani angejua? Leso yenye jina bovu Mombasa hauzi, wamama watakucheka dukani.

Hapo kuna ujanja, na hutakiwi kujua Kichina, jua tu kutafuta. Bonyeza Ctrl+F kwenye ule wa Kichina utafute 请. Hiyo mara nyingi inakuja pale mtu anapoombwa kitu. Hesabu zimetokea ngapi, alafu hesabu maombi uliyoyatoa kwenye tafsiri, kama hazilingani kuna ombi limegeuzwa kuwa taarifa, litafute. (Zingine ni za uongo, 申请 kwa mfano ni kuomba kibali cha kitu, sio wewe unaombwa, kwa hivo zichek moja moja.) Fanya vivyo hivyo na alama ya kuuliza, yao ni pana kidogo, ？, na kwenye hii imeili Kichina kilikuwa nazo mbili, tafsiri ilikuwa na moja. Ile iliyopotea ilikuwa imegeuka kuwa "Kufunga kwa marobota ya doti 100 au doti 120 bado haijathibitishwa." Wanatuuliza tunataka robota la ngapi! Na ile nyingine ilikuwa inauliza kama tumepata invoisi ya awali, hiyo rahisi.

Namba nazo usiziamini kwenye tafsiri hata kidogo. Tafsiri ilisema "vipande 1.2 elfu", mteja akashtuka. Kichina kilikuwa 1.2万条, na 万 ni elfu kumi, kwa hivo ni vipande 12,000, doti 6,000, iko sawa na oda. Lakini ona vile angeweza kujibu kwa hasira kwa kitu ambacho hakipo.

Na tarehe. "Taarifa za mpokeaji zithibitishwe kabla ya tarehe 25 saa 5 jioni." Saa tano jioni ndo gani, mtu wa Mombasa atasema tano ni usiku au asubuhi. Kichina: 9月25日17:00前. Mwezi wa 9, siku ya 25, saa 17:00 kwao, ukitoa matano ni saa sita mchana kwetu, Alhamisi. Ukikaa ukifikiri una mpaka jioni umechelewa. Mimi nikiona 前, yaani "kabla ya", mwishoni mwa tarehe tupu isiyo na saa, naichukua kama siku moja kabla, nisije nikabishana kama siku yenyewe imo au haimo. Hizo taarifa ni za kuandikwa kwenye BL, jina na anwani, na jina lilingane herufi kwa herufi na lile la IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoagiza, likitofautiana utaanza kurekebisha manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, na hiyo ni pesa na siku.

Kuna mistari mingine miwili haikuwa na tarehe kabisa, na watu huipuuza sababu hiyo. Mmoja: "Kampuni ya ukaguzi imeshawasiliana, inasubiri namba." Nani anatoa namba? Sisi, ni namba ya IDF, bila hiyo ombi la ukaguzi wa KEBS, shirika letu la viwango, kule China haliendi na CoC, cheti cha kuonyesha mzigo umefikia viwango, haitoki. Tarehe yake inabidi uitafute mwenyewe kwa kurudi nyuma: ukaguzi ufanyike kabla kontena halijafungwa, na China tarehe 1 Oktoba wanaanza likizo ya taifa karibu wiki nzima, kwa hivo namba ikichelewa mpaka tarehe 28 umeshaingia mwezi wa kumi. Nikaiwekea tarehe 22. Mwingine: "Rangi ya pili imebadilishwa kidogo, tafadhali elewa." Kuelewa hapa ni kukubali. Tusipokataa tumekubali.

Orodha ikaisha hivi, nimeipanga kwa tarehe sio kwa vile imeili ilivokuja:

22 Sept – sisi: kusahihisha jina la leso. Kimya = wanachapa vibaya.
22 Sept – sisi: kutuma namba ya IDF.
22 Sept – sisi: kukubali au kukataa rangi ya pili. Picha haijatumwa, tuiombe.
25 Sept saa 6 mchana ya Mombasa – sisi: jina na anwani ya BL.
Haina tarehe – sisi: robota la doti 100 au 120. Tuulize mwisho lini.
Kopi ya BL ikija – sisi: 70%.
Wao: tarehe ya meli kuondoka. Hawajasema popote!

Huo mstari wa mwisho ndo faida nyingine ya kuorodhesha, unaona na kile ambacho hakimo. Imeili ndefu vile na meli haijatajwa.

Sasa kujibu. Ijumaa ile ile, kabla hata mteja hajaamua rangi, tulituma mistari miwili tu: *Tumepokea imeili ya tarehe 19. Msichape mpaka tuthibitishe maandishi na rangi kwa imeili.* Hiyo inazuia zile siku 3 zisitule, na haikubali chochote. Jibu kamili likaenda Jumatatu asubuhi mapema, kwao bado mchana, kwa namba kama orodha, sentensi fupi, kila moja ina mtendaji, manake na lenyewe linaenda kutafsiriwa na tusiwafanyie wao walichotufanyia sisi. Usiandike "kesho" wala "wiki ijayo", andika tarehe na saa ya kwao pembeni na ya kwetu. Jina la leso usilichape tu ndani ya maneno, lazima litatafsiriwa kuwa kitu cha ajabu, litume kama picha na herufi kubwa.

Mpaka wa hii njia ujue. Haioni viambatisho. Invoisi ya awali ikija kama picha au PDF iliyoskaniwa haitafsiriwi pamoja na imeili, na masharti mara nyingi yako chini kabisa kwa maandishi madogo karibu na muhuri, kwa hivo nayo ipasue mstari kwa mstari. Na kama ni mkataba wa pesa nyingi au kuna ugomvi tayari, tafuta mtu anayesoma Kichina mlipe asome, Ctrl+F haitakuokoa hapo.

Rangi ya pili picha ilikuja Jumatatu mchana, bluu ilikuwa imekuwa zambarau. Mteja alikataa.