Mshono mkavu, nifasi inanuka

"Mshono ni mkavu kabisa, nesi, hata tone la usaha hakuna. Hii itakuwa homa ya maziwa tu." Aliyeniambia hivyo kwenye simu ni mama mzazi wa binti aliyejifungua kwa upasuaji siku tatu nyuma. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi na kauli hiyo nimeisikia nisiweze kuihesabu, na si kwa ndugu wa wagonjwa peke yao. Hata kwenye mafaili yetu wenyewe utakuta kila homa iliyofuata upasuaji imeandikwa "infeksheni ya mshono", na mshono ukionekana mzuri faili linafungwa. Naandika kwa sababu hiyo.

Maana yenyewe haina urefu. Maambukizi ya nifasi ni bakteria kuvamia mji wa mimba na viungo vya uzazi vilivyo jirani baada ya mtoto kutoka, awe ametoka kwa njia ya kawaida au kwa kisu. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji ni bakteria kuvamia ngozi, mafuta na nyama zilizokatwa ukutani mwa tumbo. Ni mahali pawili, na mara nyingi ni bakteria wa aina mbili na tiba mbili. Mtu mmoja anaweza kupata yote mawili, lakini moja halithibitishi jingine wala haliliondoi.

Neno nifasi linafaa tulirudishe kazini. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa nafsi na nafasi, na kwetu linataja mambo mawili kwa pamoja: damu inayotoka baada ya kuzaa, na kipindi chenyewe ambacho damu hiyo inatoka. Waganga wa Kiarabu huuita ugonjwa huu homa ya nifasi. Wazungu nao walikwenda Kilatini, wakaunganisha neno la mtoto na neno la kuzaa. Kilatini kinamtazama mtoto aliyezaliwa. Nifasi inatazama kile kinachotoka kwa mama, na humo ndimo dalili ilimo. Ukisema "homa ya nifasi", neno lenyewe limeshakuagiza uulize swali: hiyo nifasi ikoje? Rangi gani, nyingi kiasi gani, inanuka?

Sasa linganisha na mshono. Mshono umetokana na kushona, ni ule mstari wa uzi juu ya ngozi. Uzi hauugui. Kinachougua ni kidonda kilicho chini yake, na aliyefanyiwa upasuaji hana kidonda kimoja. Kuna cha ngozi, ambacho wote tunakiona. Kuna cha mji wa mimba wenyewe, uliokatwa na kushonwa ndani. Halafu kuna mahali kondo la nyuma lilipobanduka, eneo bichi la upana wa kiganja au zaidi, lenye midomo ya mishipa ya damu. Hicho cha mwisho anacho kila aliyezaa, hata ambaye hakuguswa na wembe. Kumwambia mtu "mshono wako umepona" ni kumpa habari za kidonda kimoja kati ya vitatu.

Jina baya linaleta dawa isiyofaa. Ngozi ina wakazi wake, na mkorofi mkubwa kati yao ni stafilokoka. Mji wa mimba unavamiwa na kundi jingine, ambalo kwa kawaida hukaa ukeni na utumboni na hupanda juu wakati wa uchungu, hasa chupa ikiwa imepasuka muda mrefu na mama amepimwa njia mara nyingi. Hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kwa mchanganyiko: streptokoka wa kundi B, ekoli na wenzake, enterokoka, pamoja na bakteria wasiopenda hewa ya oksijeni, ambao wanastawi kwenye mabonge ya damu na nyama iliyokufa na ndio chanzo kikubwa cha ile harufu. Ndiyo maana dawa moja mara nyingi haitoshi. Tunachanganya ili kila kundi lipate la kwake.

Nirudi kwa yule binti. Nilimuuliza mama yake swali moja, "Mama, nifasi yake inanukaje?" Akanyamaza kidogo. "Inanuka, mwanangu. Tulidhani ndivyo ilivyo." Nikamwambia amlete saa hiyohiyo.

Alifika akiwa na joto la 38.6 na mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Mshono kweli ulikuwa mkavu, kingo zimeshikana vizuri. Lakini nilipobonyeza taratibu chini ya kitovu, mbali na mshono, aliushika mkono wangu. Mji wa mimba ulikuwa laini na ulikuwa juu kuliko unavyotakiwa kuwa siku ya tatu. Njiani walikuwa wamepita kituo kingine wakapewa sindano ya seftriaksoni. Ni dawa nzuri, ila ikiwa peke yake ni dhaifu kwa wale wasiopenda oksijeni, na enterokoka haiwagusi kabisa.

Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maambukizi ya mji wa mimba ni klindamaisini na jentamaisini, zote kwa mshipa. Klindamaisini mara nyingi hutolewa miligramu 900 kila saa 8, nayo inashughulika na wasiopenda oksijeni pamoja na streptokoka na stafilokoka wengi. Jentamaisini inashughulika na ekoli na jamaa zake. Klindamaisini haikuwepo siku hiyo, kwa hiyo daktari akaandika mchanganyiko wa pili unaotambulika: ampisilini gramu 2 kila saa 6, metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito mara moja kwa siku. Binti alikuwa na kilo 64, hivyo ni miligramu 320. Kabla ya hapo alipimwa figo, kwa maana jentamaisini ikikuta figo zimechoka inaziumiza zaidi, na masikio pia. Alichukuliwa damu ya kuotesha vijidudu, mkojo, na kipimo cha malaria. Matiti yalikaguliwa na yalikuwa laini, basi ile homa ya maziwa ikaishia hapo. Kipimo cha picha kilionyesha hakuna kipande cha kondo kilichobaki. Mtoto aliendelea kunyonya.

Joto lilishuka siku ya pili ya dawa. Tukaendelea na sindano mpaka zikapita saa 48 bila homa wala maumivu, damu yake haikuotesha kitu, akaruhusiwa. Hakupewa vidonge vya kwenda navyo, na familia ililalamika kwamba dozi haikukamilishwa. Dozi ilikamilika. Kwa maambukizi ya mji wa mimba yasiyo na matatizo, sindano zikishamaliza homa, vidonge vya nyongeza havijaonyesha kuongeza faida. Ingekuwa bakteria wamekutwa kwenye damu, hesabu ingebadilika.

Kama homa isingeshuka ndani ya saa 72, kuna neno jingine ambalo lingeingia mlangoni: "dawa kali". Watu wanadhani antibayotiki zimepangwa kama ngazi, ukishindwa na ya chini unapanda ya juu. Swali la kwanza siku ya tatu haliwi ukali. Ni je, kuna kitu ambacho dawa haiwezi kukifikia? Kipande cha kondo kinatolewa, hakipigwi sindano. Mfuko wa usaha nyuma ya mji wa mimba unamwagwa. Bonge la damu lililoambukizwa kwenye mshipa wa nyonga linahitaji na dawa ya kuzuia damu kuganda. Na kama alikuwa kwenye klindamaisini na jentamaisini, huenda kilichobaki ni enterokoka, ambao mchanganyiko huo unawaruka, na ampisilini ya kawaida, dawa kongwe isiyo na sifa yoyote ya ukali, ndiyo inayoongezwa.

Kidonda cha ngozi kinakwenda na mwendo wake. Mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 7, mama akiwa ameshazoea kutembea: wekundu, joto, uvimbe, maji yanayolowesha nguo. Hapo tiba ya kwanza si dawa, ni kufungua nyuzi palipojaa, kumwaga usaha, kuangalia kama tabaka la ndani limeshikilia, na kusafisha kila siku. Usaha ukishatoka na ngozi ya pembeni ikiwa safi, mara nyingine antibayotiki haihitajiki kabisa. Wekundu ukisambaa kando au homa ikiwepo, ndipo unachagua dawa inayomlenga stafilokoka, kama kloksasilini au sefaleksini, ukikumbuka kwamba wapo stafilokoka wasiosikia dawa hizo, na kipimo cha usaha ndicho kinachokuambia. Kidonda kinachouma kupita kiasi ndani ya saa 48 za kwanza, ngozi ikibadilika rangi au ikitoa mlio wa kukwaruza chini ya vidole, ni dharura ya chumba cha upasuaji usiku huohuo.

Kuna wanaosema, "Lakini alipigwa antibayotiki siku ya upasuaji." Ni kweli, kwa kawaida ni sefazolini gramu 2, dozi moja ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa. Hiyo ni kinga. Inapunguza hatari na haiifuti, na siku ya tatu haimo tena mwilini. Kuirefusha kwa siku saba za vidonge kwa mama asiye na dalili hakumkingi zaidi.

Kwa hiyo ukiwa umekaa na mzazi aliyepata homa na unapiga simu, tafadhali usianze na mshono. Sema ni siku ya ngapi, joto ni kiasi gani, tumbo la chini linauma likiguswa au haliumi, na nifasi inanuka au hainuki. Habari za mshono ziweke mwisho.