Semina ya Bure ya Kuanza Ufugaji wa Kuku wa Nyama: Tutaanza na Mnunuzi, Banda Baadaye

Nimeambiwa tena wiki hii kwamba kinachowafilisi wafugaji wadogo wa kuku wa nyama ni magonjwa, na kwamba mwenye kujua chanjo amekwisha kujua biashara. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nawaalika nyote kwenye semina ya bure kwa njia ya Zoom, Jumamosi tarehe 11 Aprili 2026, kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 3:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki.

Magonjwa yapo, na sitayapuuza. Chanjo ya kideri siku ya 7, ya gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na chanjo isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini. Hayo tutayapitia haraka, kwa kuwa muuza pembejeo yeyote makini atakueleza. Ambalo hatakueleza, pengine kwa sababu yeye ndiye anayeuza chakula, ni gharama ya kuku aliyekwisha kukomaa ambaye bado yumo bandani.

Chukua mfugaji aliyeingiza vifaranga 100, wakafa watano, akabaki na kuku 95 ambao siku ya 35 wana wastani wa kilo mbili. Majedwali ya kampuni za vifaranga yanakadiria chini ya kilo mbili za chakula kwa kila kilo moja ya uzito hai. Binafsi siyaamini sana nikiwa kwenye banda la mtaani, ambako chakula humwagika na mfuko wa leo haufanani na wa wiki iliyopita, kwa hiyo hupiga hesabu kwa kilo mbili. Kuku wale watakuwa wamekula kilo 380, yaani mifuko minane ya kilo 50 kasoro kidogo. Mpaka hapo mfugaji amefanya kazi nzuri, naye hana hasara yoyote.

Sasa anaanza kutafuta mnunuzi. Kuku wa umri huo hula takriban gramu 180 kwa siku, na hao 95 wanamaliza kilo 17 na ushee. Tuseme mfuko ni shilingi 80,000. Kila siku ya kusubiri inagharimu shilingi 27,360, na siku tano ni 136,800. Kama alitarajia faida ya shilingi 1,500 kwa kila kuku, jumla yake ilikuwa 142,500. Amebakiwa na shilingi 5,700, wala hakuna kuku hata mmoja aliyeumwa.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba kuku wanaendelea kuongezeka uzito, kwa hiyo fedha haikupotea. Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Uzito unaongezeka, ila chakula kinachohitajika kwa kila kilo mpya kinazidi kupanda kadiri kuku anavyokua, na zaidi ya hapo, mchuuzi anayepeleka kuku soko la Kisutu, Dar es Salaam, au kwa wakaanga chipsi hanunui kwa mizani. Hununua kwa kichwa. Anamnyanyua kuku kwa miguu, anampima kwa mkono, anataja bei ileile aliyoitaja kwa jirani yako. Na akikuta mifuko mitupu imerundikana mlangoni, anajua huna subira, hivyo anaishusha bei. Hoja ya uzito ina maana kwa anayeuza kwa kilo, kama wale wanaochinja na kupeleka hotelini.

Dawa ninayopendekeza ni kuanza kuuza walio wakubwa tangu siku ya 30, ili banda lipungue msongamano na chakula kipungue. Vitabu husema kuku waingie pamoja na watoke pamoja, na vina sababu: kila mchuuzi anayekuja huleta matenga yaliyopita mabanda mengine, na kideri husafiri nayo. Nasitasita hapa, na sitajifanya kuwa na jibu moja kwa kila mtu. Kwa sasa nashauri kuku wakabidhiwe nje ya uzio, kwenye matenga yako mwenyewe, na tutajadili kama hilo linawezekana kwenye eneo lako.

Kujiandikisha, jaza fomu ya usajili kabla ya Alhamisi tarehe 9 Aprili 2026. Kiungo cha kuingilia kitatumwa kwa baruapepe siku inayofuata. Fomu inauliza wilaya yako, idadi ya vifaranga unaokusudia kuanza nao, na nani atawanunua. Swali la mwisho lisijazwe “sokoni”. Andika ni mchuuzi, mkaanga chipsi, mama lishe au hoteli, anachukua kuku wangapi kwa wiki, na kama hulipia kwa kichwa au kwa kilo, kwa kuwa hesabu tutakazopiga usiku huo zitatokana na majibu hayo.